Kumbukumbu ya mradi: feni kwenye transfoma ya 15/20 MVA, kutoka ONAN kwenda ONAF

Transfoma ya mradi huu ni ya 132/33 kV. Bamba lake linaonyesha uwezo wa aina mbili: 15 MVA ikiwa ONAN na 20 MVA ikiwa ONAF. Ilisimikwa bila feni, ingawa radieta zilikuja na mabano ya kuzifungia. Sasa mzigo unakaribia 15 MVA, kwa hiyo kazi ni kufunga feni na kuhakikisha kwamba ile 20 MVA inapatikana kweli.

Herufi mbili za kwanza zinahusu mafuta, mbili za mwisho zinahusu hewa. O ni mafuta yaliyo ndani, N inayoifuata inasema yanazunguka yenyewe, A ni hewa ya nje, na herufi ya mwisho inasema kama hewa hiyo inapita yenyewe (N) au inasukumwa na feni (F). Ukitoka ONAN kwenda ONAF inabadilika herufi moja tu. Hakuna pampu: mafuta bado yanapanda kwa kupata moto na kushuka kwa kupoa ndani ya radieta. Kwa hiyo feni inasaidia radieta, haigusi koili, na mahesabu yote yanayofuata yanategemea hilo.

Hesabu kabla ya kununua feni

Ripoti ya majaribio ya kiwandani inatoa upotevu wa 12 kW bila mzigo na 100 kW kwa mzigo wa 20 MVA. Upotevu wa mzigo hufuata mraba wa mkondo, kwa hiyo kwa 15 MVA unakuwa takriban 56 kW. Joto la kutoa ni 68 kW kwa 15 MVA na 112 kW kwa 20 MVA. Uwezo umepanda kwa theluthi moja, lakini joto limepanda kwa karibu theluthi mbili.

Ripoti hiyo hiyo inasema kwamba kwa 15 MVA bila feni, mafuta ya juu yanazidi hewa ya nje kwa 54 K, na sehemu ya koili yenye moto kuliko zote inazidi mafuta hayo kwa 16 K. Fomula za IEC 60076-7, zikitumia vipeo vya transfoma za ONAN na ONAF, zinatuonyesha nini kitatokea ukibeba 20 MVA bila feni:

```
mafuta: 54 x (112/68.25)^0.8 = 80 K
koili:  16 x (20/15)^1.3     = 23 K
```

Hewa ikiwa 30 °C, koili itafika 133 °C. Feni zikirudisha mafuta kwenye 54 K, jumla inakuwa 54 + 23 = 77 K, chini kidogo ya kikomo cha 78 K. Angalia kwamba ile 23 K haikupungua hata kidogo. Mafuta yenyewe yanaruhusiwa hadi 60 K, kwa hiyo yana nafasi. Koili ndiyo imefika ukingoni.

Hapo ndipo linapojibiwa swali linaloulizwa kila mara: kwa nini tusiongeze feni tufike 25 MVA? Kwa 25 MVA koili ingezidi mafuta kwa 31 K, na mafuta yangebaki na 47 K tu. Radieta zingetakiwa kutoa 168 kW, karibu mara mbili na nusu ya kazi ya ONAN, tena mafuta yakiwa yamepoa zaidi. Na hata zingeweza, bado kuna bushingi, kibadilisha tepu na nyaya za ndani, vyote vilivyochaguliwa kwa mkondo wa 20 MVA. Uwezo wa ONAF unatoka kwa mtengenezaji, haupatikani kwa kufunga feni popote penye nafasi.

Feni na mpangilio wake

Hewa ikipata joto la 15 K inapopita kwenye radieta, 112 kW zinahitaji karibu mita za ujazo 6.6 kwa sekunde. Hicho ni kiwango cha chini kabisa, maana sehemu ya hewa inatoroka pembeni. Zimefungwa feni nane za mita za ujazo 1.5 kila moja, katika makundi mawili ya nne nne, kila kundi na kontakta yake.

Feni za fezi tatu zinaweza kuzunguka kinyume, na kwa macho hutatambua kwa urahisi: zinavuma, zinapiga kelele, lakini hewa inayofika kwenye radieta ni kidogo. Shika karatasi nyepesi upande wa kutolea hewa. Ikivutwa kuelekea feni, badilisha fezi mbili. Fanya hivyo kwa feni moja moja, kwa sababu moja iliyogeuzwa ndani ya kundi huwa inajificha.

Radieta nazo zilipimwa kwa kipimajoto cha mionzi transfoma ikiwa na mzigo. Radieta isiyo na kasoro hupata moto juu na kupoa taratibu kuelekea chini. Mbili zilikuwa baridi kote: valvu za chini zilibaki zimefungwa. Radieta kama hiyo ukiipigia feni unapoteza umeme bure. Dalili kama hiyo kwenye radieta zote kwa pamoja ingetupeleka kwenye kiwango cha mafuta, kwa sababu kikishuka chini ya bomba la juu la radieta mzunguko unakatika.

Kipimajoto cha koili

Sehemu hii ndiyo iliyokula muda mwingi, na inastahili. Kifaa hiki hakigusi koili. Kinapima mafuta ya juu, kisha kihita kidogo kinachopata mkondo kutoka transfoma ya mkondo kinaongeza ile tofauti ya koili na mafuta. Upande wa 33 kV, 20 MVA ni 350 A. Kwa uwiano wa 400/2 kihita kinapata 1.75 A, na kwa mkondo huo lazima kiongeze 23 K.

Kilikutwa kinaongeza 16 K kwa 1.75 A: tofauti ya ONAN imewekwa kwenye mkondo wa ONAF. Kwa mzigo kamili kingesoma nyuzi 7 chini ya ukweli. Kwa karatasi ya kawaida ya kuhami, kila 6 K huongeza kasi ya kuzeeka maradufu, kwa hiyo koili ingechakaa kwa zaidi ya mara mbili ya tulivyodhani huku kengele zote zikiwa kimya. Kimerekebishwa.

Kundi la kwanza la feni linaanza koili ikifika 75 °C, la pili 85 °C, na kila moja linazimika joto likishuka nyuzi 10 chini ya hapo ili kontakta zisigongegonge. Hewa ikiwa 30 °C, 75 °C inalingana na mzigo wa kudumu wa karibu 10.5 MVA. Kengele ni 110 °C na kukata ni 120 °C.

Kilichobaki

Kengele ya kukosa umeme wa feni bado haijaunganishwa hadi chumba cha udhibiti, na bila hiyo 20 MVA haitaruhusiwa. Feni zote zikizima kwa mzigo kamili hewa ikiwa 30 °C, mafuta huchukua muda kupanda (bila feni, muda wa kumaliza karibu theluthi mbili ya ongezeko lake ni kama dakika 210), hivyo koili inafika 120 °C baada ya saa mbili na dakika ishirini hivi. Hewa ikiwa 40 °C, muda huo unabaki kama dakika 23. Kwa hiyo agizo la mwendeshaji limeandikwa kwa hali hiyo mbaya: kengele ikilia, mzigo unashushwa hadi 15 MVA ndani ya dakika 15, ndipo fundi anakwenda kuangalia feni.