Viini naweka kwenye kastadi, ute nafanya biskuti za nazi

Mi kwangu nikipika kwa mayai kinachobakigi ni ute, maana nyumbani wanapenda kastadi na kastadi ya kupika mwenyewe inataka viini tu, ile ya unga wa pakiti kwa kawaida haina hata yai ndani yake, ni konfulawa na rangi na harufu. Kwa hiyo siku hizi nikivunja mayai manne najua kabisa napika vitu viwili, kastadi ya jioni na biskuti za nazi za chai, hakuna kibakuli cha ute kinachozeekea kwenye friji.

Kastadi yenyewe natumia maziwa nusu lita, viini vinne, konfulawa vijiko vitatu vya chakula, sukari kama gramu 80, iliki ya kusaga na chumvi chembe. Viini navichapa na sukari na konfulawa mpaka vilainike bila madonge, maziwa nayachemsha pembeni, halafu namimina maziwa ya moto kwenye viini kidogo kidogo huku nachapa mkono hausimami, ukimwaga yote kwa pamoja yai linaiva palepale unapata vipande vipande. Yote yanarudi kwenye sufuria, moto mdogo, mwiko unafika mpaka kwenye kona.

Sasa hapa ndo penyewe. Wifi yangu aliniuliza, "Wifi, mbona yangu jioni inakuwa nzito vizuri, asubuhi nakuta imekuwa uji?" Nikamuuliza unaipua saa ngapi, akasema ikianza tu kushika, anaogopa yai lisikatike. Basi tatizo lilikuwa hapohapo. Kwenye kiini cha yai kuna kimeng'enya kinachokula wanga, na konfulawa ni wanga mtupu, ukiipua kabla haijachemka kile kimeng'enya bado kipo kinaendelea na kazi yake usiku kucha kwenye friji. Inabidi kastadi ichemke kweli, uone yale mapovu makubwa mazito yanapasuka pwata pwata katikati ya sufuria, ukoroge hivyohivyo dakika moja au mbili ndo uipue. Na yai halikatiki, sababu konfulawa inalilinda, kastadi isiyo na konfulawa ndo huwezi kuichemsha hivyo. Wifi akajaribu, akanipigia asubuhi, imesimama. Mi nikishaipua naongeza siagi kijiko kimoja, nafunika na nailoni iguse kastadi yenyewe isije ikaweka ngozi juu.

Turudi kwenye ute. Watu wengi wakiona ute wanawaza kuupiga mpaka uwe povu, na povu lina masharti, bakuli likiwa na mafuta au tone la kiini likidondokea humo halitaki kusimama vizuri. Biskuti za nazi hazina hayo mambo kwa sababu ute haupigwi, unapashwa. Ute wa mayai manne, nazi kavu ya pakiti gramu 200, sukari 150, unga wa ngano vijiko viwili vya chakula, chumvi kidogo na vanila, vyote ndani ya sufuria pana, moto mdogo kabisa, unakoroga. Mwanzoni inakuwa majimaji unaweza kudhani nazi haitoshi, usiongeze, sukari ikiyeyuka na nazi ikinywa ute inaanza kunata na kuacha kitako cha sufuria, ukibonyeza kidonge kidogo kinakaa umbo. Ipua hapo, maana ukichelewa ute unaiva na biskuti zinakuwa zinamomonyoka. Iache ipoe, finyanga vidonge, panga kwenye trei yenye karatasi ya kuokea, oveni 165 dakika kama 18 hadi 20, mpaka ncha ziwe kahawia na ndani kubaki laini. Nimezipika pia kwa mkaa moto juu na chini, ila moto wa chini uwe hafifu sana, nazi yenye sukari inaungua haraka kuliko keki.

Nazi mbichi ya kukuna inafaa lakini ina maji na mafuta mengi, ikaange kwanza bila mafuta mpaka iwe kavu haing'ang'aniani, la sivyo vidonge vinatandaa kama chapati.

Siku ambayo sina muda wa vyote viwili, ute nagandisha kwenye trei ya barafu, tundu moja ute wa yai moja, ukiyeyuka unatumika vilevile. Viini sasa, hivyo usivigandishe vitupu, vikiyeyuka vinakuwa vizito kama gundi wala havichanganyiki tena. Navikoroga kwanza na sukari, kijiko kimoja na nusu cha chai kwa viini vinne, naandika kwenye kopo vipo vingapi na vina sukari, ili nikija kupika kastadi nipunguze kiasi hichohicho.