Mafuta ya karafuu na gego langu: jinsi eujenoli inavyozima neva ya jino

Gego langu la chini, upande wa kulia, lilikuwa na tundu. Mwanzoni lilishtuka tu nikinywa maji baridi, na nikishameza maumivu yanakwisha. Kisha likabadilika. Maumivu yakaanza kuja yenyewe, chai ya moto ikawa adui, na nikilala kichwa kikilingana na mwili linapwita hadi sikioni. Mabadiliko hayo yana maana. Jino linaloshtuka kwa baridi na kutulia papo hapo, kiini chake, yaani sehemu ya ndani yenye neva, kimewaka kidogo tu na mara nyingi kinaweza kuokolewa kwa kuzibwa. Jino linalouma lenyewe usiku, na likiguswa na kitu cha moto linaendelea kuuma kwa muda mrefu, kiini chake kimeshaumia sana.

Nafundisha kemia sekondari hapa Pemba. Daktari wa meno ninayemtegemea hupatikana siku za kazi, na jino lilipamba moto Ijumaa usiku. Nilichohitaji ni kufika Jumatatu nikiwa na akili zangu. Parasetamoli nilimeza, vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6. Ibuprofeni ingefaa zaidi kwa jino lililowaka, lakini nina vidonda vya tumbo, nikaiacha. Ndipo mama mkwe akaleta kichupa cha mafuta ya makonyo.

Wasomaji wa bara huenda wasiyajue makonyo. Ni vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa, na hapa kwetu hukamuliwa kwa mvuke katika kiwanda cha Wawi, Chake Chake. Dawa iliyomo ni ile ile ya karafuu, yaani eujenoli, fomula yake C₁₀H₁₂O₂. Mafuta ya karafuu zenyewe mara nyingi huwa na eujenoli kati ya 70% na 90%, na ya makonyo hufika 90% na kupita. Ndiyo maana sikuyatia kinywani jinsi yalivyo. Eujenoli ya nguvu hiyo huunguza ufizi na ulimi, pakabaki weupe na kidonda, na mtu akawa na maumivu mawili badala ya moja.

Nilisukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nikatoa mabaki ya chakula tunduni kwa uzi wa meno, nikalikausha jino kwa pamba. Kwenye kijiko nikachanganya tone 1 la mafuta ya makonyo na matone 4 ya mafuta ya nazi. Nikafinyanga kipande cha pamba chenye ukubwa wa punje ya mchele, nikakichovya, nikakiminya pembeni mwa kijiko hadi kisidondoke tena, halafu nikakiingiza ndani ya tundu kwa kibanio. Ndani ya tundu, si juu ya ufizi. Mate yaliyojaa nikayatema. Baada ya dakika 10 hivi nikaitoa pamba.

Mama mkwe alinionya mapema: "Itakuchoma kwanza, mwanangu. Usiitoe. Ikishachoma ndipo inapopoza."

Na kweli ilichoma, jino na pembe ya ulimi, moto kama wa pilipili. Dakika chache baadaye kupwita kukapungua, kisha nikahisi ganzi nzito, na kwa mara ya kwanza usiku ule nikaweza kufikiri kuhusu kitu kingine. Nikafikiri kuhusu hiyo ganzi yenyewe, maana nilitaka kujua ninachokifanya ni nini hasa.

Ndani ya jino, chini ya enameli ambayo ni gamba gumu la nje, kuna dentini, na dentini imejaa vijineli vidogo sana, maelfu kwa maelfu katika kila milimita ya mraba, vyenye majimaji yanayoelekea kwenye kiini. Kiini ndiko iliko mishipa ya damu na neva. Jino zima lisilo na tundu halipitishi kitu, kwa hiyo kupaka karafuu juu ya enameli nzima ni kupoteza mafuta. Jino langu lilikuwa limeshafunguka hadi kwenye dentini, na eujenoli ni molekuli ndogo inayopenda mafuta. Huyeyuka kidogo kidogo katika majimaji ya vijineli, ikafika kwenye neva, na ikijipenyeza katika utando wa neva haizuiwi, kwa sababu utando wenyewe ni wa mafuta.

Neva iliyotulia ina umeme hasi ndani, kiasi cha milivolti 70 chini ya nje. Nje yake kumejaa ioni za sodiamu zinazotaka kuingia. Katika utando kuna protini zinazofanya kazi ya milango ya sodiamu. Kitu kikiisumbua neva vya kutosha, milango michache hufunguka, sodiamu huingia na chaji yake chanya, na badiliko hilo la umeme hufungua milango ya jirani, nayo hufungua inayofuata, hadi habari inafika kwenye ubongo: jino linauma. Bila sodiamu kuingia hakuna ujumbe, hata jino likiwa linaoza vilevile.

Katika kiini kilichowaka mambo mawili huongezeka. Kwanza, uvimbe hauna pa kutanukia, kwa kuwa kiini kimezungukwa na dentini ngumu pande zote, hivyo shinikizo hupanda, hasa ukilala na damu ikaja kichwani. Nililala nikiwa nimeegemea mito, na tofauti niliiona. Pili, kemikali za uvimbe zinazoitwa prostaglandini huifanya milango ya sodiamu ifunguke kwa kichocheo kidogo mno. Kwa hiyo mapigo ya moyo peke yake yanatosha kuuma.

Eujenoli inafika hapo na kuiziba milango hiyo. Watafiti wameipima katika neva za meno za wanyama wa maabara, wakakuta mkondo wa sodiamu unapungua eujenoli inapowekwa, na kurudi inaposafishwa. Kazi hiyo ni ya jamii moja na ya lidokeini, dawa iliyo ndani ya sindano ya ganzi. Haihitaji kufunga milango yote. Ikishafunga ya kutosha, umeme wa neva haufiki kiwango cha kuwasha mlango unaofuata, na ujumbe unafia njiani.

Ule mchomo wa mwanzo nao una sababu yake. Eujenoli hukifungua kipokezi kile kile kinachofunguliwa na joto kali na pilipili, kwa hiyo kwa muda mfupi neva zinapiga kelele za moto. Kisha kipokezi kinachoka, milango ya sodiamu inazibwa, na kimya kinafuata. Onyo la mama mkwe lilikuwa na kemia kamili ndani yake, na sijaona kitabu kilicholisema vizuri kuliko yeye.

Ganzi haikudumu. Saa chache baadaye, damu ilipoichukua eujenoli kidogo kidogo, milango ikaachiwa na maumivu yakarudi yale yale. Hilo halikunishangaza wala halikunifanya niongeze nguvu ya dawa. Mtu akiongeza matone kwa sababu maumivu yamerudi, hazidishi muda wa ganzi kwa kiasi anachotarajia, ila anaongeza sumu, maana eujenoli nyingi huua seli za kiini na za ufizi. Nilirudia kwa kipimo kile kile, pale tu usingizi uliposhindikana.

Kila asubuhi nilijitazama kwenye kioo na kupapasa chini ya taya. Mafuta haya yanazima ujumbe. Bakteria walio ndani ya jino wanaendelea na kazi yao. Kama ningeona shavu au chini ya taya pamevimba, homa, shida ya kufungua kinywa, kumeza au kupumua, nisingesubiri Jumatatu, ningekwenda hospitali usiku huo huo, kwa kuwa usaha wa jino la chini unaweza kushuka shingoni na kuziba njia ya hewa. Na kulikuwa na dalili nyingine niliyoiogopa, ambayo wengi huifurahia: maumivu kukoma ghafla bila dawa. Mara nyingi hapo neva imekufa, na jipu linajitengeneza kimya chini ya mzizi.

Kichupa nilikiweka juu ya kabati lenye kufuli. Nyumbani kuna mjukuu anayetambaa, na mtoto mdogo akinywa mililita 5 hadi 10 tu za mafuta haya anaweza kupata degedege, kupoteza fahamu na kuharibika ini. Watoto wanaoota meno wasipakwe kabisa. Na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda ayaache, kwa sababu eujenoli nayo huzuia chembe za kugandisha damu.

Jumatatu daktari aliinusa karafuu kabla sijasema. Aliuliza nilichanganyaje, akaangalia ufizi kama umeungua, kisha akachoma sindano ya ganzi. Haikushika vizuri, akalazimika kuongeza. Akanieleza kwamba mahali palipowaka huwa na asidi, na asidi huipa lidokeini chaji, ikashindwa kupenya utando wa neva. Kwangu mwalimu wa kemia hilo lilinifungua macho: eujenoli kwenye asidi hiyo hiyo hubaki bila chaji. Haina maana kwamba inaishinda sindano, kwa kuwa haiwezi kufika kwa wingi mahali ambapo sindano inafika, lakini inaeleza kwa nini pamba ndogo ilinifaa usiku ule.

Kiini hakikuokoka. Daktari alikiondoa, akasafisha mizizi, akaziba kwa muda kwa saruji nyeupe iliyotengenezwa kwa unga wa zinki oksaidi na kioevu chenye harufu niliyoijua. Ilikuwa eujenoli tena. Ikichanganyika na zinki oksaidi hugeuka ngumu, na unyevu wa kinywa huiachia polepole sana. Katika jino ambalo kiini chake bado kizima, kiasi hicho kidogo kinachopita kwenye dentini hutuliza neva bila kuua seli. Aliniambia madaktari wa meno wanaitumia tangu karne ya 19, na kwamba huko Kuwait mwaka 2006 jeli ya karafuu ililinganishwa na dawa ya ganzi ya kupaka, benzokeini ya 20%, kwa kuwachoma watu waliojitolea sindano kinywani, na ganzi ikalingana.

Kisha akanipa agizo moja: kabla ya kuziba jino kwa kudumu, nimwambie daktari yeyote atakayenishika kwamba mna saruji ya eujenoli, na kama nimetia mafuta ya karafuu karibuni nilitaje pia. Kile kijazio cha rangi ya jino kinachogandishwa kwa taa ya bluu huganda kwa molekuli zake kushikana mnyororo, na eujenoli hukata mnyororo huo. Kijazio hubaki laini, kikachakaa au kuvuja mapema. Niliporudi alikwangua saruji yote, akasafisha kuta za tundu kwa spiriti, akasubiri zikauke, ndipo akajaza.