Wiki ya Kwanza ya Julai

Busia, Agosti 2024

Ukaguzi wa duka la jumla hapa mpakani umefika kwenye benki, sehemu ambayo wakaguzi wengi huipitia mbio. Mimi hukaa hapo. Benki imetuandikia barua kwamba tarehe 30 Juni, siku mwaka wa hesabu wa duka unapoisha, akaunti ilikuwa na shilingi 84,600,000, na barua hiyo humfanya mtu aone kazi imekwisha. Ila hesabu za duka hazisemi hivyo. Zinasema 96,200,000, na pengo lililo katikati amelijaza mhasibu kwa mkono wake, kwenye karatasi ya usuluhishi wa benki: ongeza 25,000,000 zilizopokewa ambazo zilikuwa bado njiani kwenda benki, toa 13,400,000 za hundi zilizoandikwa ambazo wenyewe walikuwa hawajazipeleka.

Jumla inakubali, lakini hilo halinipi utulivu wowote. Pesa iliyo njiani lazima ifike, na hundi iliyotoka lazima irudi. Kwa hiyo tuliomba taarifa ya benki ya tarehe 1 hadi 15 Julai, na tukaiomba itoke benki moja kwa moja kuja ofisini kwetu Kampala. Taarifa iliyopitia kompyuta ya mteja kwanza siitumii kwa kazi hii, hata kama namwamini mteja.

Pesa zilizo njiani zilikuwa mbili. Ya kwanza, 6,300,000, ilikuwa mauzo ya Jumamosi mchana na Jumapili. Mwaka huu 30 Juni iliangukia Jumapili, hivyo ni haki pesa hiyo kulala dukani, na kweli Jumatatu tarehe 1 Julai imeonekana benki. Ya pili ilikuwa 18,700,000, malipo ya mteja mmoja anayechukua mali kwa mkopo, kitabuni ikiwa na tarehe 29 Juni. Benki imeipokea tarehe 5 Julai, Ijumaa. Kutoka dukani hadi benki ni mwendo wa miguu. Kama mauzo ya Jumamosi yalifika Jumatatu, hizi milioni kumi na nane za Jumamosi hiyo hiyo zilikuwa wapi wiki nzima?

Niliomba kitabu cha risiti. Watu hukumbuka kurekebisha tarehe wakasahau namba, na namba zimechapwa tangu kiwandani. Nikafunua nakala za kaboni moja baada ya nyingine: risiti 642, tarehe 3 Julai; 643, tarehe 3 Julai; 644, tarehe 4 Julai; kisha 645, ya mteja wetu, tarehe 29 Juni. Risiti haiwezi kuandikwa Juni ikakaa nyuma ya risiti za Julai.

Mhasibu ni mtu mzima, ameshika vitabu vya duka hili tangu mimi sijaanza kazi. Nilimwekea kitabu mezani, nikamwambia, "Mzee, naomba unisaidie na hii 645."

Aliitazama kwa muda. "Binti yangu, ile pesa tulikuwa tunaingoja. Mteja aliahidi Juni. Nikaambiwa nisifunge kitabu mpaka aje."

Namwamini. Deni lilikuwepo kweli, na limelipwa kweli, kwa hiyo faida ya mwaka haibadiliki hata shilingi. Lakini tarehe 30 Juni pesa ilikuwa mikononi mwa mteja, na mahali pake ni kwenye wadaiwa. Duka lina mkopo, na mkopeshaji anatazama fedha iliyobaki mwisho wa mwaka. Kwake, pesa iliyoko benki na ahadi ya mteja ni vitu viwili mbali kabisa.

Upande wa hundi ulikuwa na mbili. Hundi 1187 ya 4,200,000 ilipita benki tarehe 2 Julai, safi. Hundi 1191 ya 9,200,000, ya mwenye kuleta mafuta ya kupikia, ilikuwa haijaonekana hata kufikia tarehe 15. Hundi kuchelewa si kosa, maana kuna watu hukaa nayo mfukoni. Lakini kabla ya kumwandikia aliyelipwa, niliomba kuona kitabu cha hundi. Hundi yenyewe ilikuwa ndani ya jalada, imechanwa kutoka kitabuni, imetiwa sahihi, haijatoka. Pesa hiyo ilikuwa bado ya duka, na mwenye mafuta alikuwa bado anadai. Jambo hili huniuma kuliko lile la risiti, kwa sababu huko nje kuna mtu anaambiwa kila akipiga simu kwamba malipo yake yameshaandikwa, na vitabu vinamfuta kwenye orodha ya wadai huku mfuko wake ukiwa mtupu.

Mpaka hapo nilikuwa nimetoka kwenye orodha kwenda benki. Njia hiyo hupima yale tu ambayo mhasibu ameamua kuyaandika. Hundi aliyoiacha nje haitajitokeza hata ukague orodha mara mia. Kwa hiyo lazima urudi kinyume: unashika taarifa ya Julai, unatazama kila hundi iliyopita humo, na kila yenye namba isiyozidi ya mwisho iliyotoka mwaka ule unaiuliza iko wapi kwenye orodha. Ndiyo maana siku ya kuhesabu mali, tarehe 30 Juni, tuliandika namba ya hundi ya mwisho. Ilikuwa 1191.

Tarehe 1 Julai ilikuwa imepita hundi 1184, shilingi 3,600,000. Kwenye orodha haimo. Kitabuni ipo, ila imeingizwa 1 Julai, siku ileile benki ilipoilipa. Benki ilitupa picha ya hundi yenyewe: tarehe iliyoandikwa juu yake ni 26 Juni, na aliyelipwa alithibitisha kwamba aliipokea siku hiyo. Hundi ilitoka mkononi mwaka uliopita, vitabu vikaitoa mwaka mpya, na fedha ikaonekana nyingi kuliko ilivyokuwa.

Jioni nilipanga upya. Kutoka 96,200,000 natoa 18,700,000, natoa 3,600,000, narudisha 9,200,000 ya hundi iliyolala kwenye jalada. Inabaki 83,100,000. Nikahesabu tena kutoka upande wa benki: 84,600,000, ongeza 6,300,000 iliyokuwa njiani kwa haki, toa 4,200,000 na 3,600,000. Ni 83,100,000 ileile. Tofauti na hesabu za duka ni milioni 13.1, na mwenye duka amekubali marekebisho yote matatu baada ya kuonyeshwa kitabu cha risiti na ile hundi.

Linalonisumbua sasa ni malipo yasiyo na karatasi. Duka hili mwaka huu limeanza kulipa wengine kwa kuhamisha pesa kwa kompyuta, na huko hakuna namba za mfululizo zilizochapwa kiwandani, wala kaboni. Kuangalia siku pesa ilipotoka benki hakutoshi. Inabidi kupata kumbukumbu ya siku agizo lilipotumwa na nani aliliidhinisha, kisha kuilinganisha na siku iliyoandikwa kitabuni. Nimeiomba kwa malipo yote ya kuanzia 24 Juni hadi 15 Julai. Mzee amesema mwenye nywila yuko Tororo mpaka Jumanne.