Mchango ulitoka, safura ikabaki

Mwanangu Riziki alitapika mnyoo wa mchango alfajiri moja, mrefu kama penseli mpya, unajikunja kwenye beseni. Alikuwa na miaka sita. Nilikwenda duka la dawa nikauziwa kidonge kimoja cha mebendazoli, na siku mbili baadaye akatoa mingine minne chooni. Nikashukuru, nikaona mambo yamekwisha.

Hayakwisha. Mwezi ukapita, mtoto bado anachoka akipanda kilima kidogo cha kuelekea kisimani. Wenzake wakicheza, yeye anakaa chini ya mnazi. Nikamkuta anabandua udongo wa ukuta wa jikoni na kuutafuna. Nilimgombeza kwa utundu, na mpaka leo naumia nikikumbuka, kwa sababu hamu ile ilikuwa dalili ya upungufu wa damu. Nilipomfunua kope ya chini ilikuwa nyeupe, na viganja vyake nikiviweka karibu na vyangu vilikuwa kama vimepakwa unga.

Katika zahanati moja huku kwetu Kwale walimtoboa kidole: damu 7.2, wakati mtoto wa umri wake anatakiwa afike 11.5. Uzito ulikuwa kilo 15. Choo nilikuwa nimekichukua jana yake jioni, na yule wa maabara akakikataa. Mayai ya minyoo ya safura hayakai, aliniambia, choo kikilala kwenye joto yanaanguliwa na hadubini haiyaoni tena. Kesho yake nikapeleka cha asubuhi ileile, na mayai yakaonekana.

Daktari alinieleza polepole. "Mama Riziki, ule uliouona ni mchango. Huo unakula chakula cha mtoto na kumkata hamu ya kula, ndiyo maana haongezeki. Safura ni mwingine, mdogo, kama sentimita moja, nao hautoki ukauona. Unauma ukuta wa utumbo na kunyonya damu." Mebendazoli ya kidonge kimoja huuweza vizuri mchango, lakini safura nyingi hubaki. Kisha akanipigia hesabu. Safura mia moja za aina iliyoenea kwetu hunyonya takriban mililita tatu kwa siku, zaidi kidogo ya nusu kijiko cha chai. Kwa mwezi inakaribia mililita mia moja, na mtoto wa kilo 15 ana damu ya lita moja na kidogo tu. Mwili hutengeneza damu nyingine, lakini kwa madini ya chuma, na kwetu chakula kikuu ni sima na mchicha, nyama ni ya sikukuu. Akiba ikaisha.

Alipewa albendazoli miligramu 400. Na hapa ndipo nilipokuwa sijui: dawa ya minyoo inazuia damu kupotea, hairudishi iliyokwisha kupotea. Kwa hiyo akaongezewa dawa ya madini ya chuma kila siku kwa miezi mitatu. Nilimpa na maji ya chungwa, chai nikaisogeza mbali na saa ya dawa kwa sababu inazuia chuma kufyonzwa. Choo kikawa cheusi nikashtuka, nikaambiwa ni dawa yenyewe. Wiki ya nne damu ilikuwa 9.3, na udongo alishauacha. Nilitaka kusimamisha dawa alipofika 11.6, daktari akakataa: namba ikiwa nzuri, akiba bado haijajaa.

Mdogo wake wa mwaka mmoja na nusu alipewa nusu kidonge, kikasagwa na kuchanganywa na maji asije akapaliwa. Mimi na baba yao tulimeza pia, kwani wote tunatumia njia moja ya shambani. Huko nyuma ya migomba, watu wakijisaidia, mayai ya safura huanguliwa kwenye udongo wenye unyevu na kivuli, na baada ya wiki moja hivi viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya mguu mtupu. Mchango hauhitaji mguu. Mayai yake humezwa kupitia mikono michafu au embe lililookotwa chini, na hudumu ardhini miaka.

Nilimuuliza daktari kwa nini shuleni wanawapa watoto wote dawa ya minyoo bila kupima, tangu mpango wa kitaifa ulipoanza 2012. Siku ya dawa Riziki alikuwa nyumbani na homa, akaikosa. Daktari akasema kupima kila mtoto ni ghali kuliko kidonge, na kidonge ni salama hata kwa asiye na minyoo. Tena mtoto mmoja mwenye minyoo anauchafua udongo wa wote. Ila dawa haikingi: akitoka leo bila viatu, anaanza kuambukizwa upya, ndiyo sababu inarudiwa kila mwaka.

Tulichimba choo mwezi wa nane, upande wa chini wa kisima, mbali nacho. Riziki sasa ana kilo 19. Kandambili zake nimezifunga kamba kisiginoni, maana alikuwa akizivua akikimbia.