Bei ya jumla, bei ya rejareja na neno "nipunguzie": ninavyopanga dukani kwangu Chake Chake

Duka langu liko Chake Chake na lina wateja wa aina mbili wanaoingia kwa mlango mmoja. Kuna mama wa mtaani anayetaka pakiti moja ya sabuni ya unga, na kuna mwenye duka kutoka Micheweni au Kengeja anayetaka katoni nane. Wote wawili neno lao la kwanza baada ya salamu ni "nipunguzie". Nitaeleza namna ninavyopanga bei ili neno hilo lisinile mtaji, na nitatumia bidhaa moja tu, sabuni ya unga ya katoni yenye pakiti 12, maana hesabu yake ndiyo ile ile ya biskuti, mafuta na tambi.

Kwanza bei ya Kariakoo siihesabu kuwa ndiyo bei yangu ya kununulia. Mfano wa mzigo mmoja: katoni niliinunua Dar kwa shilingi 36,000. Kuifikisha bandarini, kuipakia, nauli ya chombo mpaka Mkoani, ushuru, gari ya kuja Chake na wachukuzi wa kuingiza ghalani, vyote vikigawanywa kwa katoni vilikuwa 3,200. Pakiti hupasuka au hupata maji njiani, hasa msimu wa kusi bahari ikichafuka, kwa hiyo kila katoni naibebesha 300 ya hasara hiyo hata kama mzigo wa safari hii umefika salama. Nauli yangu, vocha na makato ya kutuma fedha kwa simu naviweka 500. Jumla ni 40,000. Hiyo ndiyo bei niliyonunulia, na naiandika kwa kalamu nyekundu juu ya ukurasa wa mzigo. Chini ya hapo hakuna mazungumzo, awe ndugu awe jirani.

Ukiniuliza wengi wanapoteza wapi, nitakwambia ni kwenye asilimia. Mtu ananunua kwa 40,000, anaongeza asilimia 20, anauza 48,000. Kisha siku ya Sikukuu anatangaza punguzo la asilimia 20 akidhani amerudi alipoanzia, kwamba hakupata wala hakukosa. Piga hesabu: asilimia 20 ya 48,000 ni 9,600, kwa hiyo anauza 38,400. Kila katoni imemtoka na 1,600 ya mtaji wake. Sababu ni kwamba alipoongeza alipima kwa bei ya kununulia, alipopunguza akapima kwa bei ya kuuzia, na bei ya kuuzia ni kubwa zaidi. Mimi nikitaka faida iwe asilimia 20 ya bei ya kuuzia, sizidishi. Nagawa 40,000 kwa 0.8, napata 50,000. Hapo punguzo la asilimia 20 litanirudisha kwenye 40,000 barabara, na najua kabla ya kufungua mdomo kwamba punguzo hilo maana yake ni kuuza bila faida.

Kwenye jumla lakini huwezi kupata asilimia 20, usijidanganye. Bei ya jumla naipanga nikiwa nimemweka moyoni mwenye duka wa shamba. Yule wa Micheweni atalipa gari kama 1,000 kwa katoni, na kule pakiti huuzwa 4,400 hivi, yaani 52,800 kwa katoni nzima. Nikimuuzia 43,000, yeye imemfikia 44,000 na anabakiwa na kitu cha kumfanya arudi. Mimi nabaki na 3,000. Ni kidogo, ila katoni inatoka siku moja na fedha inarudi Dar.

Rejareja pale pale dukani pakiti ni 4,200, katoni nzima inaleta 50,400. Inaonekana faida ya 10,400 ni nono, ila humo ndimo inamotoka kodi ya mlango, umeme na mshahara wa kijana anayesimama tangu asubuhi kuuza pakiti moja moja. Tena 4,200 yangu siishushi karibu na bei ya jumla. Ningeuza pakiti 3,700 hapa mjini, watu wa Micheweni wanaokuja hospitali au benki wangerudi kwao na sabuni mkobani, na mteja wangu wa jumla angekosa wa kumuuzia. Kumwibia mnunuzi wa jumla wateja wake ni kujifungia ghala mwenyewe.

Kati ya hizo mbili nimeweka bei ya nusu katoni, pakiti sita kwa 3,900 kila moja, yaani 23,400. Hii ni kwa mama ntilie, kwa wafua nguo, kwa mwenye harusi. Nusu mbili zinafika 46,800, kwa hiyo hakuna anayeweza kuzunguka akanunua nusu nusu akapata bei ya jumla.

Sasa punguzo. Kuna mzee mmoja kutoka upande wa Konde, mnunuzi wangu wa siku nyingi, alikuja siku moja akaniambia, "Mwanangu, nipunguzie asilimia tano tu, mimi si mgeni hapa." Tano tu! Nikamvutia kiti, nikamletea kikokotoo. Asilimia tano ya 43,000 ni 2,150. Faida yangu ilikuwa 3,000, inabaki 850. "Ami," nikamwambia, "unachukua katoni kumi, napata elfu thelathini. Nikikupunguzia tano, ili nipate elfu thelathini ile ile itabidi uchukue thelathini na sita. Utachukua?" Akacheka, akasema duka lake lote haliingii katoni thelathini na sita.

Hiyo ndiyo hesabu ninayoifanya kabla ya kukubali punguzo lolote: faida ya sasa igawe kwa faida itakayobaki, utajua lazima uuze mara ngapi zaidi ili ubaki pale pale. Kwenye bidhaa yenye faida nyembamba asilimia tano ni mlima. Kwenye pakiti ya rejareja asilimia kumi ni shilingi 420, na pakiti imenifikia 3,333, kwa hiyo faida ya 867 inashuka hadi 447, karibu nusu yake imekwenda.

Ila yule ami sikumrudisha hivi hivi. Nilimwambia yapo mambo yanayonipunguzia gharama, na akiyafanya hayo nitamgawia. Mzigo ukifika kutoka Mkoani, akiwa yupo na gari lake, akachukua katoni kumi moja kwa moja kutoka kwenye lori bila kuingia ghalani, naokoa 300 ya wachukuzi kwa kila katoni. Na akilipa taslimu, fedha inaondoka na oda inayofuata. Kwa masharti hayo nampa 42,500, yaani punguzo la 500, katika hizo 300 si zangu na 200 zinatoka kwangu.

Hapa pana mtego ambao niliupima kwenye karatasi kabla ya kutangaza bei hiyo. Mwenye katoni tisa analipa 43,000 kila moja, jumla 387,000. Mwenye kumi analipa 425,000. Yaani katoni ya kumi imeniletea 38,000 tu, chini ya bei niliyonunulia. Je, nimekula hasara? Kwa katoni tisa napata 27,000. Kwa kumi zilizochukuliwa kwenye lori, kila moja imenisimamia 39,700, napata 2,800 mara kumi, 28,000. Nimezidi kwa elfu moja. Lakini kumi zile zile zikitoka ghalani, bila kuokoa wachukuzi, ni 2,500 mara kumi, yaani 25,000, chini ya aliyechukua tisa! Ndiyo maana punguzo la kumi halitoki ghalani hata mtu anililie. Kila unapoweka ngazi ya punguzo, pima pale pale kwenye mpaka wa ngazi, mtu aliye chini kidogo na aliyefika. Katikati hesabu itakuonyesha uzuri tu.

Mali kauli ina bei yake, 44,000, na haichanganywi na punguzo lolote. Fedha iliyokaa kwa mtu wiki kadhaa ingekwenda Dar ikarudi na faida nyingine. Bei hiyo tunapatana mwanzo kabla mzigo haujatoka, inaandikwa, na mtu akichelewa haiongezeki hata shilingi, sitaki kuikaribia riba. Akichelewa sana dawa yake ni kutopewa mzigo mwingine mpaka daftari liwe safi.

Kwa wateja wa rejareja sipunguzi bei, natoa nyongeza. Mtu akinunua pakiti tatu akaomba apunguziwe, nampa kipande cha sabuni ya mche. Mimi kinanifikia 300, yeye dukani angelipa 500, kwa hiyo anaondoka ameshika cha mia tano na mimi kimenitoka cha mia tatu. Na bei ya pakiti imebaki 4,200, kesho hawezi kusema "jana uliniuzia kwa bei kadhaa". Bei ikishashuka mbele ya mteja, kuipandisha ni ugomvi. Nyongeza ikikosekana leo, ananuna kidogo, basi.

Ramadhani watu hunishangaa kwa nini tende na unga wa ngano siweki punguzo wakati duka limejaa. Vitu hivyo vinatoka vyenyewe. Kuvipunguzia bei ni kumlipa mtu afanye alichokuwa atafanya. Punguzo la kweli nalipeleka kwenye biskuti zilizokaribia tarehe ya mwisho, na kule nauza hata chini ya bei niliyonunulia, maana baada ya tarehe ile thamani yake ni sifuri na mtaji uliobaki ni ule nitakaoweza kuukomboa. Ila naziweka mbali na biskuti mpya, na kibandiko kinachosema sababu.

Bei ikipanda Dar, nabadilisha bei ya kuuzia tangu nilipopata habari ya mzigo ujao, hata kama ghalani zipo katoni za zamani. Nikiuza zile kwa bei ya zamani, fedha nitakayoipata haitanunua idadi ile ile. Wateja wa jumla nawapigia simu siku moja kabla, na anayetaka anakuja kuchukua kwa bei ya leo.

Kwenye daftari la mauzo nina safu ya punguzo peke yake. Siandiki "42,500". Naandika 43,000, kisha 500 kwenye safu yake na sababu mbele: lori, kumi, taslimu. Nyongeza nazo zinaingia humo kwa bei iliyonifikia. Mwisho wa mwezi najumlisha safu hiyo na kuiweka pembeni ya faida. Ikiwa sababu nyingi zimeandikwa "rafiki" au hazikuandikwa kabisa, namwita kijana wa dukani tunapitia mstari kwa mstari.