Picha ya grafu ya titresheni: hatimaye 4.76 imetokea

Mpwa wangu wa kidato cha sita alinitumia picha ya grafu yake kwa WhatsApp: mililita 25.0 za asidi ya ethanoiki, NaOH 0.100 M ikitoka kwenye bureti. Ameipiga kwa kuinamisha simu, basi upande wa kulia wa karatasi umekuwa mfupi kuliko wa kushoto.

Nukta ya usawa, pale NaOH inapomaliza asidi yote, haikunisumbua. Mstari unapanda karibu wima, na katikati ya mpando huo ndipo ilipo. Kilichonitesa ni nusu ya ujazo huo, mahali ambapo pH lazima iwe sawa na pKa, namba ya nguvu ya asidi hiyo, yaani 4.76. Mimi nasoma 5.1! Nikabadili rula, nikakuza picha, bado 5.1.

Dawa ilikuwa GIMP, programu ya kuhariri picha. Zana ya Perspective, chaguo la Corrective, pembe nne zikae juu ya pembe nne za fremu ya grafu. Programu za simu za kuskani hukata kingo za karatasi, siyo za grafu, kwa hiyo siziamini kwa kazi hii.

Baada ya kunyoosha, sifuri ya ujazo iko pikseli 210 na mililita 40 iko 1810, yaani pikseli 40 kwa kila mililita. Alama ya 20 imeangukia 1010 kamili. Hicho ndicho kipimo changu: ingekosea, ningejua karatasi yenyewe imejikunja, na mkunjo hauondoki kwa zana hii.

Mpando uko 1130, kwa hiyo (1130 − 210) ÷ 40 = 23.0. Nusu yake ni 11.5, na hapo pH inasomeka 4.76. Niliruka kwenye kiti.

Eneo la bafa, ambako pH hubadilika polepole, sasa linaonekana vizuri: pH 3.76 hadi 5.76, ambako uwiano wa ethanoeti kwa asidi ni kati ya 1:10 na 10:1. Kwa ujazo ni kuanzia kama mililita 2.1 hadi 20.9. Ndiyo maana sehemu kubwa ya grafu imelala.

pH ya nukta ya usawa nimeikokotoa, 8.7, kwa sababu ethanoeti ni besi dhaifu. Kuisoma kwenye picha ni kubahatisha. Pale unene wa wino tu unabeba zaidi ya pH moja. Wanaotafuta 7 pale wanaichanganya na asidi kali, ingawa kwa ujazo wanapotea kidogo sana.

Nilipanga kuandika programu ya kukokotoa mteremko wa kila pikseli. Nimeiacha. Kwa titresheni ijayo, mpwa anasema chupa ya asidi safi ya ethanoiki imeganda stoo, kawaida ya Juni hapa Mbeya, maana huganda chini ya nyuzi 16.6. Nimemwambia atumie ndimu. Asidi ya sitriki ina pKa tatu zilizokaribiana, mpando utaonekana mmoja tu, na nataka kuona bafa zake zinavyopandana. Safari hii simu aishike juu, sambamba na karatasi.