Maji ya sabuni yalivyonipakia wino dirishani

Ukiishi Guangzhou na umeoa huku, mwaka mpya wa Kichina hauwezi kukupita. Mama mkwe alinikabidhi kazi ya kupamba madirisha ya sebuleni: karatasi nyekundu zilizokatwa, fanusi mbili na kimchungwa cha kwenye chungu.

Kukata nilijifunza upesi, sijisifu bure. Karatasi unaikunja katikati, rangi ndani, unachora nusu ya herufi 春, yaani majira ya kuchipua, maana kushoto na kulia kwake karibu ni sawa. Ukikunja tabaka nyingi, zibane kwa stepla pale patakapotupwa, zisiteleze. Anza na vitobo vya ndani, ukingo wa nje uwe wa mwisho. Ukitangulia nje, unabaki na kitu kinachopeperuka mkononi huku bado kuna vitobo vidogo vya kutoboa.

Kasheshe ikaja kwenye kubandika. Jirani mmoja, mtu wa kujua kila kitu, alisisitiza: paka kioo maji ya sabuni, bandika, basi. Nikabandika, zikakaa vizuri mno, nikapiga hadi picha. Asubuhi nikakuta michirizi myekundu imeshuka hadi kwenye ukuta mweupe, kama mtu kachinjwa pale juu. Karatasi ya bei rahisi inachuja, na huku mwisho wa baridi hewa ina unyevu hadi vioo vinatoa jasho. Jirani alipoulizwa akasema kwao haijawahi kutokea. Kwao dirisha linapigwa jua!

Siku hizi, kabla sijakata chochote, nalowesha kidole na kusugua pembe ya karatasi. Kidole kikiwa chekundu, karatasi hiyo inakwenda kwenye mlango wa kabati. Inayobaki safi ndiyo ya kioo, na gundi yangu ni uji mzito wa unga wa ngano, naugusisha kwa ncha ya kijiti kwenye nukta chache tu, mchana kioo kikiwa kikavu. Kuibandua baadaye, kitambaa chenye maji ya vuguvugu kinatosha.

Fanusi zinauzwa zimelala bapa, unazitanua tu na kuzitundika mbili mbili.

Mchungwa nao usinunue kwa kuhesabu machungwa. Shika tawi, litikise kidogo: yakianguka, achana nao. Chungulia pia vikonyo, maana mengine hufungwa kwa waya. Mimi nilisubiri usiku wa mwisho wa soko la maua, wauzaji wanataka kwenda kwao, nikaupata kwa yuan themanini na kitu, pamoja na chungu chake. Uweke karibu na dirisha lenye mwanga, umwagilie udongo wa juu ukikauka, na watoto wasiule, hujui umepuliziwa nini. Bahasha nyekundu tulizining'iniza matawini.

Shemeji ameshaagiza herufi tano za mlango wake. Nimemwambia karatasi alete mwenyewe, na kidole tutamlowesha.